Uzi: Naomba bei ya beringi niliyoijua kwa picha tu. Ikagueni barua kabla sijaituma

#1 KatibuWaKikundi
Wakuu, salaam. Mimi ni katibu wa kikundi kinachokoboa na kusaga mahindi hapa Makambako. Beringi moja ya mashine ya kukoboa inalia na kuchemka, na fundi anasema tubadilishe zote mbili zinazobeba shafti. Amenitumia picha moja kwa wasapu, akaondoka kwenda kazi nyingine kijijini. Kwenye hausingi ya chuma inasomeka P208. Kwenye beringi yenyewe naona "UC2", halafu grisi na kutu.

Kamati haitoi hela bila profoma tatu, kwa hiyo naandikia wauzaji watatu wa Dar. Barua ni hii:

*Meneja Mauzo,*
*YAH: OMBI LA BEI YA BERINGI*
*Husika na kichwa cha habari hapo juu. Tunaomba bei ya beringi iliyo kwenye picha tuliyoambatanisha. Tunaihitaji haraka sana kwani mashine imesimama na wanachama wanalalamika. Tafadhali tujulishe kama ipo.*
*Wako katika ujenzi wa Taifa,*
*Katibu.*

Kuna la kuongeza?

#2 Mpita_Njia
Kichwa cha habari hapo juu kimehusika vya kutosha mkuu. Hiyo ya ujenzi wa Taifa iache, bei inaweza kushuka.

#3 Dogo_Spana
Rahisi sana hii. P208 ni shafti ya milimita 40. Chukua tarakimu mbili za mwisho, zidisha kwa tano: 08 mara 5 ni 40. Ingekuwa 207 ungepata 35. Andika UCP208 pisi mbili, umemaliza. Picha ya nini tena?

#4 StooKipa
Nipo kaunta ya duka la beringi, nasoma barua za namna hii kila siku. Mleta uzi, nikuambie kinachotokea barua yako ikifika. Picha inafunguliwa kwenye simu ya mtu mwenye wateja sita mbele yake. Anaona chuma cha kijani na vumbi la pumba. Akiwa na hamu atakujibu "tuma picha iliyo wazi", akiwa hana atapita. Hajakudharau, ila hana cha kuandika kwenye profoma. Mfumo wetu unataka namba, picha hauisomi.

Kwa hiyo namba iwe kwenye maandishi ya barua, hata kama huna uhakika nayo. Sema unachokiona kwa macho, kisha useme unachokidhani. "Kwenye hausingi imeandikwa P208. Kwenye beringi tunasoma UC2, zilizobaki hazionekani. Tunadhani ni UCP208." Hapo nikikuuzia kitu ambacho sicho, sote tunajua kosa lilianzia wapi.

#5 MzeeKalipa
StooKipa kasema vema. Dogo_Spana #3, hesabu yako ni ya kweli lakini umeifanyia kitu kingine. P208 ni jina la hausingi. Nyumba si mwenye nyumba. Ndani ya hausingi moja ya P208 zinakaa beringi za aina kadhaa, kwa nje zote zina milimita 80, tundu la shafti ndilo linalotofautiana.

UC208 ni shafti ya 40. UC208-24 ni ya inchi moja na nusu, yaani 38.1, kwa sababu hiyo 24 ni sehemu za kumi na sita za inchi. Ipo na UC208-25, inakaribia 39.7. Halafu kuna UK208, ambayo tundu lake limechongwa kwa mteremko na inavaliwa juu ya bushi ya H2308. Hiyo shafti yake ni 35. Zote ukizipiga picha kwa mbele zikiwa na grisi, hausingi itaandikwa P208 na wewe utasema ni kitu kimoja.

Katibu tayari ameona "UC", basi UK tunaiweka pembeni, kama kweli ni C ile na si K yenye kutu. Kuna njia ya kuhakikisha hata kwenye picha mbaya. UC ina ringi ya ndani iliyochomoza, yenye skrubu ndogo mbili za kubana shafti. UK ina nati ya duara yenye meno na washa iliyokunjwa jino moja. Unaona kipi?

#6 KatibuWaKikundi
Asante Mzee. Nimeivuta picha, naona skrubu moja ya kuingiza spana ya pembe sita. Ya pili labda ipo nyuma. Nati yenye meno sioni.

#7 MzeeKalipa
Skrubu moja kwenye ringi yenyewe, au kwenye kola inayozunguka kando ya ringi? Maana kuna nyingine zenye kola inayokazwa kwa kuzungushwa, na kola ile ina skrubu moja. Hizo zina namba za familia nyingine.

#8 MamaUnga
Poleni na kazi. Mimi yamenikuta haya, mashine ya kusaga lakini. Niliagiza kwa picha, nikalipa, beringi ikaja na basi ikiwa kwenye boksi zuri. Fundi anaivalisha, inaingia kama pete ya mtu mwingine, inacheza. Akaniambia usijali mama, akakata kopo la soda akazungushia shafti, akagongea. Ilifanya kazi mpaka msimu wa mavuno ulipochanganya, kisha ikazunguka juu ya shafti na kuila. Muuzaji alikataa kuipokea kwa sababu ilishafungwa, na barua yangu ilisema "kama kwenye picha" tu. Ningeshinda kesi gani hapo?

#9 Mpita_Njia
Kopo la soda kama spea. Tunatoka mbali.

#10 Dogo_Spana
Mzee #5 sawa, lakini hizo za inchi ziko wapi mtaani? Mashine nyingi zinazochongwa hapa shafti zake ni milimita. Nimefunga nyingi, sijakutana na -24.

#11 Kirinyaga_Rd
Hujambo jirani. Huku Nairobi za inchi ziko tele, hasa visiagi vya zamani na mashine zilizotoka India. Wateja wengi wanakuja Barabara ya Kirinyaga na picha, nasi tunawarudisha wakapime. Ukiona mashine ina bolti za inchi, shuku shafti pia. Si ushahidi, lakini shuku.

#12 Bwana_Pumba
Samahani, mnunuzi wa mashine ya kukoboa ni wewe? Nina moja ya SIDO inauzwa, imetumika msimu mmoja. Njoo PM.

#13 KatibuWaKikundi
#12 hapana mkuu, natafuta beringi. Mashine tunayo.

Mzee, nimeuliza kijana anayelinda mashine. Anasema skrubu ipo kwenye ringi yenyewe. Hana kipimo cha maana, ana futi ya fundi cherehani tu.

#14 MzeeKalipa
Futi ya cherehani inatosha kwa kazi hii. Azime mashine, atoe swichi kuu au mkanda kabisa, mtu asije akawasha. Afute shafti kandokando ya beringi, mahali ambapo haijawahi kushikwa na skrubu wala kuliwa. Achukue kipande cha karatasi ngumu, azungushie shafti kikaze, aweke alama pale mwisho unapokutana na mwanzo. Akikunjue na kupima.

Shafti ya 40 itampa karibu 126. Ya 38.1 itampa karibu 120. Ya 35 itampa 110. Ndiyo maana nasema karatasi: tofauti ya milimita mbili kwenye kipenyo ni ngumu kuiona kwa rula, lakini ukizungusha inakuwa milimita sita, mtoto anaiona.

Apime pia kutoka katikati ya tundu la bolti moja ya hausingi hadi katikati ya nyingine. P208 ni 137. Ikija 127 ile ni 207, na ikija 146 ni 209, hata kama maandishi ya chuma umeyasoma vibaya.

#15 StooKipa
Na apige picha upya. Ile ya kwanza imepigwa kwa flashi kutoka mbele, herufi zote zimemezwa. Apake chaki juu ya herufi zilizochomoza kwenye hausingi, afute na kitambaa kidogo, zitabaki nyeupe juu ya rangi. Maandishi ya kwenye ringi yamechorwa kwa ndani, hayo ayafute kwa mafuta ya taa kisha amulike tochi kutoka ubavuni. Picha tatu zinatosha: mbele nzima, namba kwa karibu, na moja yenye futi iliyolazwa juu ya hausingi yenyewe. Futi ikiwekwa sakafuni mbele ya mashine inadanganya, kilicho karibu na kamera kinaonekana kikubwa.

Akituma, atume kama dokumenti. Wasapu ikituma kama picha ya kawaida inaibana, na kitu cha kwanza kupotea ni namba ndogo.

#16 KazaMkanda
Mimi nina swali la msingi. Mbona mnakimbilia kununua? Beringi ya kukoboa haichemki bure. Mkanda umekazwa kupita kiasi, au puli hazijanyooka. Mtaweka mpya na itachemka vilevile.

#17 Dogo_Spana
Au wamejaza grisi nyingi. Watu wanapampu mpaka inatokea pembeni wanadhani ndiyo afya.

#18 MamaUnga
Yangu haikuwa na grisi kabisa, nipeli ilikuwa imeziba kwa rangi.

#19 KazaMkanda
Ndiyo hivyo, sababu ni nyingi. Lakini barua haitaponya mkanda.

#20 KatibuWaKikundi
Fundi anasema ilianza kulia kabla ya kuchemka, na mkanda aliulegeza haikusaidia. Basi, sina la kubishana naye.

Vipimo vimekuja. Bolti hadi bolti 137. Karatasi imetoa 120. Picha mpya zina chaki: P208 wazi kabisa, na kwenye ringi inasomeka "UC208" halafu kuna mkwaruzo. Sijui kama kuna kitu baada ya 8.

#21 Kirinyaga_Rd
Nilisema shuku. 120 ni inchi moja na nusu.

#22 Dogo_Spana
Subirini kwanza. Inaweza kuwa shafti ya 40 iliyoliwa. Beringi ikizunguka juu ya shafti inaila kama kisu.

#23 MzeeKalipa
Kuliwa milimita mbili hapo kando, ambapo beringi haijakaa? Mimi naona vigumu, ila sijaiona mashine. Kuna la tatu pia: huenda fundi wa zamani aliipeleka shafti kwenye kukerezwa akaishusha hadi 38 ili apate beringi iliyokuwepo dukani siku hiyo. Hili nimeliona. Na 38 kamili na 38.1 karatasi haiwezi kuzitenganisha, hapo lazima kalipa.

Kijana apime na karatasi mahali pengine, upande wa puli na katikati ya shafti. Ikiwa kote ni 120, shafti ni ya inchi tangu kiwandani au imekerezwa yote. Ikiwa pengine ni 126, basi imeguswa.

#24 KatibuWaKikundi
Katikati imefunikwa na ngoma ya kukobolea, haifikiki bila kufungua. Upande wa puli anasema 120 na nusu, lakini kuna kutu.

#25 Mpita_Njia
Kutu nusu milimita. Kutu ya kikundi kizima.

#26 StooKipa
Basi usisubiri kila kitu kikamilike. Andika barua uombe bei ya vitu viwili, muuzaji hatakuchukia. Mstari wa kwanza UCP208-24, mstari wa pili UCP208. Useme wazi kwamba utachagua mmoja baada ya kupima kwa kalipa. Ila omba jibu la upatikanaji kwa kila mstari peke yake, maana tukisema "ipo" bila kutaja ipi, huwa ni ile ya 40. Hiyo ndiyo inayotoka sana.

Swali langu jingine: mnataka beringi pamoja na hausingi, au beringi ya ndani tu? Hausingi kama haijapasuka unaweza kununua UC peke yake, bei inapungua.

#27 KazaMkanda
Hapo kwenye kununua ya ndani tu mimi siafiki. Beringi ya kampuni hii kwenye hausingi ya kampuni ile, tundu la grisi halikutani na mfereji. Unapampu grisi, haifiki.

#28 MzeeKalipa
Inategemea. Nyingi zinaingia bila shida, unaigeuza beringi kwa ubavu kwenye ile mikato miwili ya hausingi, unaisukuma, unainyoosha. Lakini hausingi ikiwa imechakaa kwa ndani, beringi nzima inazunguka humo na kuila zaidi. Mashine iliyochemka muda mrefu ningenunua kamili.

#29 StooKipa
Sisi tunauza UC peke yake kila siku na hawarudi.

#30 KazaMkanda
Hawarudi kwa sababu wanakwenda duka jingine.

#31 Gerezani_Kona
Hahaha #30. Mimi niko mtaani Gerezani, nataka kuongeza kitu kuhusu neno "ipo". Winga akiulizwa kama kitu kipo atakwambia kipo, maana kipo duniani. Anakimbia kwa jirani, anaongeza chake, anakuletea. Kwenye barua usiulize "kama ipo". Uliza zipo ngapi kwenye stoo yenu leo, na kama hazipo zinachukua siku ngapi kufika na zinatoka wapi. Mwenye mzigo anajibu kwa idadi. Asiye nao anajibu "lipia kwanza tukutafutie".

Na ule mstari wa "haraka sana, mashine imesimama, wanachama wanalalamika" ufute leo. Umemwambia huna pa kwenda.

#32 StooKipa
Hapo nitabisha kidogo. Mtu akiniambia anahitaji lini, namtengea. Kusema tarehe si vibaya. "Tunatarajia kununua kabla ya tarehe fulani" inatosha, bila kilio.

#33 Gerezani_Kona
Wewe ni mwema mkuu. Wako wengi ambao si wewe.

#34 MwanaDeira
Nawasoma kutoka Dubai. Huku Deira ukiuliza bei ya beringi swali la kwanza wanalokurudishia ni kampuni gani. UCP208 ya Japani kama FYH au Asahi, na ile ya boksi lisilo na jina, zina namba ileile na bei zimeachana mbali. Barua isipotaja, profoma tatu zitakuja na vitu vitatu tofauti na kamati itachagua ya bei ndogo ikidhani imeokoa.

#35 MamaUnga
Hili nimeliona kwa macho yangu! Kamati ya kanisa letu ilichagua ya bei ndogo.

#36 Dogo_Spana
Na bandia je? Boksi la SKF siku hizi anachapa mtu yeyote.

#37 MwanaDeira
SKF wana programu ya simu inaitwa SKF Authenticate, unapiga picha boksi na alama za kwenye beringi unatuma, wanakujibu. Lakini hiyo ni ukiwa na mzigo mkononi. Kabla ya hapo omba muuzaji akutumie picha ya beringi yenyewe iliyopo stoo, namba ya kwenye ringi ionekane. Kama wewe umemtumia picha, naye akutumie.

#38 MzeeKalipa
Hilo la #37 liingie kwenye barua. Na aombe picha ikiwa na kalipa ndani ya tundu, isomeke. Muuzaji anayo kalipa, nusu dakika tu. Hapo unakwepa balaa la -24 lililotiwa kwenye boksi la 208.

#39 KatibuWaKikundi
Asanteni sana. Nimeandika upya. Tazameni:

*Meneja Mauzo,*

*YAH: OMBI LA BEI NA UPATIKANAJI WA BERINGI ZENYE HAUSINGI, PISI MBILI*

*Tunahitaji beringi mbili kwa ajili ya shafti ya mashine ya kukoboa mahindi. Tumeitambua kwa picha na vipimo, hatuna beringi ya zamani mkononi kwa kuwa bado imefungwa kwenye mashine.*

*Tunachokiona: kwenye hausingi imeandikwa P208. Kwenye ringi ya ndani inasomeka UC208, na baada ya hapo pamekwaruzika. Ringi ina skrubu za kubana shafti. Kutoka katikati ya tundu la bolti hadi tundu la pili ni mm 137. Mzunguko wa shafti kwa karatasi ni mm 120, yaani kipenyo cha karibu mm 38.*

*Tunachodhani: ni UCP208-24 ya inchi moja na nusu. Inawezekana pia ni UCP208 ya mm 40 ambayo shafti yake imepunguzwa. Tutathibitisha kwa kalipa kabla ya kulipa.*

*Kwa kila moja kati ya hizo mbili, tunaomba mtujulishe: zipo ngapi kwenye stoo yenu leo, kama hazipo, zitafika baada ya siku ngapi, kampuni iliyotengeneza, bei ya pisi moja ikiwa kamili na bei ya beringi ya ndani pekee, kama bei ina VAT au haina, na bei hiyo inadumu hadi lini.*

*Tunaomba pia picha ya beringi iliyopo stoo, namba ikionekana, pamoja na kipimo cha tundu lake. Mzigo utasafirishwa kwa basi hadi Makambako. Tafadhali onesheni gharama ya kufungasha na kufikisha stendi, na masharti ya kurudisha endapo haitalingana na namba iliyo kwenye profoma.*

*Tunaambatanisha picha tatu. Tunatarajia kuamua wiki ijayo.*

*Katibu wa Kikundi*

#40 Mpita_Njia
Taifa limebaki bila mjenzi.

#41 StooKipa
Hii ningeijibu leo hii. Ila ongeza TIN ya kikundi, maana profoma ikitoka bila jina na TIN sahihi, risiti ya EFD itatoka hivyohivyo na mhasibu wenu atasumbuka. Na kuhusu VAT ni vizuri umeuliza. Mtu akikuandikia 50,000 bila kusema, ukifika kaunta inakuwa 59,000, kisha mnaanza kutazamana.

#42 Kirinyaga_Rd
Hapa kwetu ni 16, nyinyi ni 18. Ukija kununua Nairobi utafurahi kidogo, halafu mpakani utalia.

#43 KazaMkanda
Barua ni ndefu. Muuzaji hasomi kurasa mbili.

#44 StooKipa
Ni ukurasa mmoja. Na namba ziko juu, anayetaka kusoma kidogo atasoma kidogo.

#45 Gerezani_Kona
Mimi hiyo ya "tunadhani" ningeitoa. Ukimwambia muuzaji hujui, amepata pa kujificha.

#46 MzeeKalipa
Na ukimwambia unajua wakati hujui, yeye amepata pa kujificha na wewe pa kuanguka. Iache.

#47 KatibuWaKikundi
Nimeituma kwa watatu, kwa barua pepe na PDF ileile kwa wasapu. Nitaleta mrejesho.

#48 KatibuWaKikundi
Mrejesho. Wa kwanza kajibu "lipia tukutafutie". #31 nimekukumbuka.

Wa pili ana UCP208 nane stoo, za -24 hana kabisa. Anasema anaweza kunipa ya 40 pamoja na bushi ya kujazia ile nafasi, atachongesha mwenyewe, na "wengi wanafanya hivyo".

Wa tatu anazo -24 tatu, ametuma picha yenye kalipa, inasoma 38.10. Bei yake imezidi ya wa pili kwa karibu theluthi, haina jina la kampuni kwenye ringi, namba tu.

#49 MamaUnga
Bushi! Hiyo ni kopo la soda lenye digrii.

#50 Dogo_Spana
Sio sawa mama. Bushi ikichongwa vizuri kwa leithi ni kitu kingine kabisa. Tatizo ni nani anachonga.

#51 MzeeKalipa
Nafasi ya 40 toa 38.1 ni 1.9, ukigawa pande mbili ukuta wa bushi haufiki hata milimita moja. Skrubu za beringi zitabana bushi au shafti? Zikibana bushi, shafti itazunguka ndani yake. Akitoboa bushi ili skrubu ipite, sawa, inaweza kwenda kwenye mashine ya mwendo wa pole. Mimi nisingeifunga kwenye mashine yangu.

#52 KazaMkanda
Njia ya tatu: fungueni shafti, ijazwe kwa kuchomelewa, ikerezwe hadi 40, mtumie beringi za kawaida miaka yote. Kila mkiharibikiwa hamtahangaika kutafuta -24.

#53 Gerezani_Kona
Na gharama ya kufungua ngoma, kusafirisha shafti hadi kwa mkerezaji, na mashine kukaa? Hesabu hiyo kaka.

#54 KazaMkanda
Nimesema njia, sijasema rahisi.

#55 MwanaDeira
Katibu, wa tatu muulize jina la kampuni kwenye boksi. Namba bila jina kwenye ringi si lazima iwe mbaya, lakini ajibu.

#56 KatibuWaKikundi
Nimemuuliza, bado. Fundi anarudi Alhamisi na kalipa ya kuazima. Kamati wameshaona bei za wote na nusu wanataka ya wa pili kwa sababu ni ndogo. Nimewasomea #51, mwenyekiti akaniuliza Mzee Kalipa ni nani.

#57 Mpita_Njia
Mwambie ni mjenzi wa Taifa.

#58 Bwana_Pumba
Ile mashine ya SIDO bado ipo, beringi zake ni za milimita, nimepima.

#59 StooKipa
#58 umepima kwa nini? Karatasi au kalipa?

#60 Bwana_Pumba
Kwa macho.